Bega ililuma pole pole miaka mingi, halafu usiku moja ikawaka: ni kalsiamu inatoka

Kuko maumivu ya bega yenye inapotezaka batu njia kabisa. Mutu anakaa miaka tatu ao ine, bega inamuluma kidogo tu, akiinua mukono ao akilalia ule upande, anameza parasetamoli anaendelea na kazi. Halafu usiku moja bila kuanguka, bila kubeba kitu, bega inawaka moto, asubui hawezi kuvaa shimizi wala kuchana nywele. Pale njo maneno inaanza: kitu imepasuka ndani, mufupa umetoka, bamemuroga. Na mara mingi kwa batu wenye wako na kalsiamu mu bega mambo iko kinyume, ile usiku mubaya njo mwanzo wa mwili kutosha kitu yenye ilikuwa imekaa mule muda murefu.

Niko kine hapa Bukavu, mwenye kusaidia bagonjwa kurudisha mwendo wa viungo na mazoezi, na hii ugonjwa wa tandiniti kalsifianti naionaka mara na mara. Nitaeleza kupitia mama moja, mushonaji, wa upande wa Kadutu, miaka 47, bitu fulani nimebadilisha juu asitambulike.

Yeye bega ya kuume ilimuanza na kazi ya kutundika nguo. Alikuwa na kamba juu ya mulango wa atelye, kila gauni ikiisha anainua mukono anaitundika, na ile mwendo, mukono ukifika usawa wa kifua mupaka usawa wa shikio, inamuchoma, akipitisha pale maumivu inapunguka. Usiku akilalia kuume anaamuka. Miaka mbili mbele ya bega kuwaka alipiga radio, ile picha ya mifupa, bakaona kadoa keupe, bakamwambia kuko kalsiamu kidogo. Alirudi nyumbani, majirani bakamushauri aache sambaza, ile samaki midogo, na maziwa, juu sambaza tunakula na mifupa yake. Akaacha sambaza miaka mbili nzima! Bega haikubadilika hata kidogo, na haingeweza kubadilika.

Juu ile kalsiamu haitoke ku sahani. Ukipima damu ya bagonjwa ba hivi, kiasi cha kalsiamu mara mingi iko sawa tu kama ya mutu mwengine. Kitu yenye inapita iko mu bega yenyewe. Bega iko na misuli ine yenye inashikilia kichwa ya mufupa wa mukono mahali pake, na kila musuli inaishia ku kano, ile kamba ngumu nyeupe yenye kufungia musuli ku mufupa. Ya juu kabisa inapita chini ya mufupa wa ku ncha ya bega, na kwa bagonjwa bengi njo mule kalsiamu inakaa, sentimita moja ao mbili mbele ya mahali kano inashikia mufupa. Kasehemu ka ile kano kanageuka, seli zake zinaanza kufanana na seli za gegedu yenye kufunika ncha ya mifupa, na zenyewe njo zinaanza kutengeneza punje ndogo ndogo za kalsiamu na fosfati, karibu aina ile ile yenye iko mu mifupa na mu meno. Haiko uchafu wa damu, haiko mabaki ya chakula. Inapendaka batu ba katikati ya miaka 30 na 60, bamama zaidi kuliko babaume, na benye wako na ugonjwa wa sukari ao wa tezi ya shingo wanaipata zaidi.

Ikisha kutengenezwa, inaweza kulala. Hii kipande batu banaisahauka, lakini njo ufunguo wa mambo yote. Kalsiamu inaweza kukaa mule miezi ao miaka, ngumu na kavu kama chaki, na mwenye bega asijue hata. Mu 1941, docta wa Amerika jina yake Bosworth alitangaza matokeo ya kuangalia mabega ya bafanyakazi ba ofisi zaidi ya 6000, akakuta kalsiamu kwa karibu 2.7% yabo, na bengi mu bale habakukuwa na maumivu yoyote. Benye inaluma, inaluma kidogo, juu ile kano imevimba kidogo na ukiinua mukono inasuguana na mufupa wa juu. Njo ile miaka ya kuluma kidogo ya huyu mama.

Halafu siku moja mwili unaamua kuitosha. Kwa nini siku ile na si mwaka mwengine, hata badocta ba mabega habanaka jibu nzuri. Mishipa midogo ya damu inaingia pembeni ya kalsiamu, seli za kusafisha zinakuja nyingi, zinaanza kuimeza. Ile chaki inageuka kuwa kama dawa ya meno ya mu tubu, nzito na nyeupe, inavimba, na kano haina nafasi ya kupanuka. Presha inapanda ndani. Mara ingine inapasua ngozi ya juu ya kano na kumwangika mu kafuko ka maji kenye kako katikati ya kano na mufupa, na zile punje zikiingia mule zinawasha vibaya sana. Bagonjwa bengine wamenielezea maumivu ya kufanana na ya kuzaa, na mimi naamini, juu naona sura yabo.

Kwa hiyo kalsiamu ikilala inaluma kidogo ao hailume, ikitoka inaluma sana. Ukishika hii, radio inasomeka bila shida.

Mama wetu alisikia uzito siku ya kwanza mangaribi. Usiku saa nane alikuwa amekaa ku kiti juu kulala haiwezekane. Siku ya pili alijaribu kushona, mukono haukufika hata ku gurudumu ya mashini. Siku ya tatu alikuja, ameshikilia kiwiko cha kuume na mukono wa kushoto, na aliniambia moto, pikipiki yaani, kila shimo ya barabara ilikuwa inamuliza. Joto ilikuwa 37.4. Hakuanguka, hana kidonda, hana ugonjwa wa sukari. Nilimuomba anioneshe mahali na kidole kimoja, akagusa pembeni ya bega chini kidogo ya ncha ya mufupa, nikagusa pale pale pole pole akaruka. Lakini mukono ukiwa umelala pembeni ya mwili, kiwiko kimekunjwa, niliweza kuuzungusha kidogo kwenda nje na kurudi ndani bila yeye kulia. Hii kitu niliiangalia sana, nitarudia kwa nini.

Docta aliomba radio mupya. Nikamuuliza:

"Mama, ile radio ya zamani iko wapi?"

"Iko mu sashe, ku nyumba, chini ya kitanda."

"Mutume mutoto ailete."

Nasema hii juu radio ya zamani batu banaitupaka ao banasema imeisha kazi, na kumbe hapa njo yenye inaeleza. Tuliziweka zote mbili ku dirisha, moja pembeni ya ingine. Ya zamani: kadoa keupe sana, kazito, karefu karibu sentimita moja na nusu, mupaka wake safi, unaweza kuuchora na kalamu. Ya mupya: mahali pale pale, lakini doa imefifia, haina mupaka tena, imekuwa ya mawingu, na kamustari kengine keupe kameteremuka upande wa kafuko ka maji. Yaani imeanza kutoka. Mutu mwenye anaona paka radio ya mupya anaweza hata kuipita, aseme hakuna kitu ya maana, juu imefifia, na mugonjwa anabaki analia bila jina ya ugonjwa. Doa kali ya mupaka safi ni ya wakati wa kulala, doa ya mawingu ni ya wakati wa kutoka. Ekografi nayo inaweza kuonesha, na inaonesha pia kama kano yenyewe imekatika ao haijakatika, lakini inaomba mutu mwenye anajua mabega, siyo kila mwenye kushika mashini.

Sasa dawa. Nguvu yote ya siku za kwanza ni kumupitisha mutu mu ule moto, juu moto wenyewe unajizima. Kwa bagonjwa bengi maumivu inapanda siku mbili tatu, inakaa juu siku kidogo, halafu inaanza kushuka, na mu wiki moja ao mbili ile kali kali inaisha, kwa bengine inaenda mupaka wiki tatu. Docta alimupatia ibuprofeni ya 400, mara tatu kwa siku, na chakula ndani ya tumbo, siku saba tu, na parasetamoli gramu moja ya kuongeza mara tatu kwa siku. Alimuuliza kwanza kama ana vidonda vya tumbo, kama figo ziko sawa, kama anameza dawa ya presha ao ya kufanya damu iwe nyepesi, kama ana mimba, juu ibuprofeni na diklofenaki ziko na hatari kwa bale batu hata kama mu farmasi banakuuzia kama bombo. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 ivi, mara kadhaa kwa siku. Kitenge ya kufungia mukono ku shingo, siku tatu ine, basi. Na kulala: nusu kuketi, mito nyuma ya mugongo, na kamuto kadogo chini ya kiwiko ili mukono usianguke nyuma. Hii ya kamuto inaonekana mambo ya bure lakini kwa bengi njo yenye inabaletea usingizi wa kwanza.

Kama hiyo haitoshe, docta anaweza kupiga shindano moja ya kortizoni na dawa ya ganzi mu kafuko ka maji, na mara mingi mutu anapumua mu siku moja ao mbili. Mahali penye kuko ekografi na mutu mwenye mukono mwepesi, banaweza hata kuingiza shindano mu ile kalsiamu yenyewe na kuiosha na maji ya chumvi, na inatoka nyeupe mu shindano kama maziwa mazito. Inasaidia, haiko lazima. Mama yetu hakuifanyiwa.

Siku ya tano alilala masaa manne. Siku ya nane alikuja anacheka, mukono unafika ku kinywa lakini haufike ku kichwa. Pale kazi yangu njo inaanza kweli, juu bega yenye iliogopa inapendaka kukauka. Mutu akiona maumivu imepunguka anaendelea kufunga mukono ku shingo wiki tatu, wiki ine, na akiifungua anakuta bega imegandama, na kuilegeza kunaweza kuomba miezi mingi, mara ingine zaidi ya mwaka. Kwa hiyo siku maumivu inaanza kushuka tunaanza: anainama mbele, mukono wa muzima ku meza, mukono wa mugonjwa unaning'inia, anauachilia uende mbele na nyuma, halafu miduara midogo, dakika mbili, mara tatu ine kwa siku. Haiombe nguvu. Wiki inayofuata analala chali anainua mukono mugonjwa na kusaidiwa na ule mwengine. Nguvu inakuja kisha, wiki ya ine ivi, na elastiki ao hata na kipande ya kaushu ya gurudumu ya kinga, baiskeli yaani. Kamba ya nguo tuliiteremusha chini ya usawa wa bega kwa miezi miwili, na hiyo ilimukasirisha kuliko maumivu, juu bakilia banapenda kuona gauni zimetundikwa juu.

Nirudilie ile kuzungusha mukono. Bega kuwaka ghafla haiko kila mara kalsiamu, na kuko moja yenye haingoje: vidudu kuingia ndani ya kiungo. Hata kalsiamu ikitoka inaweza kuleta kahoma kadogo na bega kuwa ya moto, na njo hapa batu banakosea pande zote mbili. Kiungo yenye iko na usaha mara mingi haikubali mwendo wowote, hata ukizungusha mukono kidogo sana pembeni ya mwili mugonjwa anapiga kelele, na homa inapanda, 38 na nusu, 39, anatetemeka, hana nguvu, hana hamu ya kula. Kwa kalsiamu, mwendo mudogo wa pembeni mara mingi unapita, kinachokataa ni kuinua. Mara mingi, siyo kila mara, kwa hiyo kama kuko homa kali ao mutu ana sukari, ana virusi vya kushusha kinga, ao alipigwa shindano mu bega siku za karibu, aende ku hopitali siku ile ile, banaweza kuvuta maji ya kiungo na kuyaangalia. Kuko pia bega ya kushoto ya mutu mwenye anatoka jasho baridi, kifua kinabana, pumzi inakatika, hiyo ni moyo, usimuletee kine. Na kuanguka, hata kidogo, kwa muzee, hiyo ni radio mbele ya yote, juu inaweza kuwa mufupa umevunjika ao umetoka mahali pake. Siku mbili tatu kisha maumivu bipele bikitokea ku ngozi ya bega kama mukanda, ni ugonjwa mwengine.

Kinachoharibu hapa kwetu ni bitu bitatu ivi, na naandika na hasira kidogo. Ya kwanza ni kukanda. Mutu mwenye bega inawaka banamupeleka kwa mama wa kunyoosha, anamumimina mafuta ya moto, anavuta mukono na nguvu "irudi mahali pake", na haikutoka mahali pake, iko inavimba ndani, unaongeza presha juu ya presha. Massaji ya nguvu mu zile siku za kwanza hapana. Ya pili ni deksa, deksametazoni yaani, dawa ya jamaa ya kortizoni. Inauzwa kama bombo, inashusha maumivu haraka na mutu anaisifu, halafu anameza mwezi nzima, sukari inapanda, tumbo inatoboka, na siku anaiacha kwa ghafla mwili unaanguka. Shindano moja ya kortizoni mu bega kwa mukono wa docta haiko sawa na bidonge vya deksa vya kujinunulia. Ya tatu ni hofu ya oparesheni. Kwa hii kuwaka haiombwi karibu hata kidogo. Oparesheni inakuja kwa kalsiamu yenye imekataa kutoka, yenye inaluma zaidi ya miezi sita na mazoezi na shindano zimeshindwa, na hata pale banajaribu kwanza kuiosha na shindano ao ile mashini ya kupiga mawimbi ku bega. Ile mashini haifai wakati bega inawaka, kazi yake iko kwa kalsiamu ngumu yenye imelala.

Kisha ule moto, kuko wakati wa kuchosha. Maumivu kali imeisha, lakini bega inabaki inaluma luma wiki kadhaa, mara ingine miezi mitatu ao zaidi, juu kano iko inajaza shimo yenye kalsiamu ilitoka na nyuzi mupya. Pale batu banafikiri ugonjwa umerudi. Haujarudi, ni marekebisho. Kama kila wiki mukono unafika juu kidogo kuliko wiki ya nyuma, endelea. Kama mwendo unapunguka, na hasa kama kuzungusha mukono kwenda nje kunafungana kabisa, rudi uonekane, bega iko inakauka. Na kama miezi mitatu imepita na hakuna nguvu ya kuinua mukono hata bila maumivu, hiyo iombe ekografi, inaweza kuwa kano imekatika.

Mama wetu alirudi kisha miezi mine na radio ya tatu. Mahali pa doa hapakuwa kitu, kivuli kidogo tu. Mukono unafika ku kamba, alikuwa ameirudisha juu bila kuniuliza, na sambaza anakula tena. Tukapiga radio ya bega ya kushoto, juu kalsiamu kukaa pande zote mbili siyo ajabu, na kweli kushoto kuko kadoa kadogo ka mupaka safi. Hakamulume. Tumekaacha vile kalivyo, na ile radio aliipeleka nyumbani, kuiweka mu sashe pamoja na zile zingine.